Alama Zinapotelea Wapi? Kutumia Mitihani Iliyopita ya Uhandisi wa Umeme

Kwenye vibanda vya fotokopi vilivyo karibu na vyuo vya ufundi, bidhaa inayouzika sana mitihani inapokaribia ni mabunda ya karatasi za miaka iliyopita. Mwanafunzi wa stashahada ya uhandisi wa umeme hununua bunda lake, akalipitia swali kwa swali huku daftari la majibu likiwa wazi pembeni, na akifika ukurasa wa mwisho huhesabu kwamba amemaliza. Amesoma karatasi nyingi kweli. Ila muulize ni kosa gani linalomnyima alama nyingi zaidi, na katika maswali gani. Wengi hawana jibu. Jibu hilo ndilo faida kubwa ya mtihani uliopita, na halipatikani kwa kusoma tu. Linapatikana kwa kufanya swali ndani ya muda wake, kulisahihisha bila kujihurumia, na kuandika kila alama iliyopotea pamoja na sababu yake.

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue swali moja la aina inayojirudia sana katika somo la mashine na mifumo ya umeme, tulifuate tangu saa inapoanza kuhesabu hadi kosa lake linapoingia kwenye daftari.

Dakika 32, si 36

Kwa miaka mingi karatasi za stashahada za KNEC nchini Kenya zimekuwa na muundo unaofahamika: saa tatu, maswali manane, mtahiniwa achague matano, kila swali alama 20. Saa tatu ni dakika 180, na ukizigawa kwa maswali matano unapata dakika 36 kwa swali. Hesabu hiyo inadanganya kidogo. Dakika kama kumi za mwanzo zinahitajika kusoma maswali yote manane na kuchagua, na kumi za mwisho zinahitajika kukagua vizio, michoro na namba za maswali. Zinazobaki ni 160, yaani dakika 32 kwa swali, au dakika moja na sekunde 36 kwa kila alama. Kama karatasi yako ina muundo mwingine, piga hesabu hiyo upya kwa maelekezo yaliyo kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Swali letu ni hili. Sehemu (a): eleza athari mbili za pawa fakta ya chini, alama 4. Sehemu (b): chora mchoro wa vekta unaoonyesha jinsi kapasita inavyoinua pawa fakta, alama 4. Sehemu (c): mota ya fezi tatu ya 400 V, 50 Hz, inatoa 54 kW kwenye shafti yake kwa ufanisi wa asilimia 90 na pawa fakta ya 0.8 inayochelewa. Tafuta (i) mkondo wa laini, alama 4. (Ii) kVAr zinazohitajika kuinua pawa fakta hadi 0.95, alama 4. (Iii) ukubwa wa kila kapasita katika kapasita tatu zilizounganishwa kwa delta, alama 4.

Kwa msomaji asiye wa fani, pawa fakta ni uwiano kati ya nguvu inayofanya kazi kweli, inayopimwa kwa kilowati, na nguvu yote inayobebwa na nyaya, inayopimwa kwa kVA. Mota huhitaji pia nguvu ya kujenga usumaku wake, ambayo huenda na kurudi kwenye nyaya bila kuzungusha chochote. Hiyo hupimwa kwa kVAr. Kapasita ikifungwa karibu na mota huitoa nguvu hiyo palepale, na nyaya zinazotoka mbali zinapata nafuu.

Sasa tumweke mezani mwanafunzi wa mfano wetu. Simu imezimwa, daftari limefungwa, kikokotoo ni kilekile atakachoingia nacho kwenye chumba cha mtihani. Kila anapomaliza kipengele anaandika pembeni dakika aliyofikia. Dakika ya 32 ikigonga, anapiga mstari chini ya alipofika, anabadilisha kalamu ya buluu kwa nyeusi, kisha anaendelea hadi mwisho wa swali. Mstari huo una thamani kubwa. Bila huo mstari, hatajua kama alama alizokosa zilipotea kwa kutojua au kwa kuchelewa, na magonjwa hayo mawili hayana dawa moja.

Pembeni mwa karatasi yake tunasoma hivi: (a) ilimaliza dakika ya 13, (b) dakika ya 22, (c)(i) dakika ya 26, (c)(ii) dakika ya 32, na (c)(iii) dakika ya 44. Vipengele vyote vitano vina alama sawa, kwa hiyo kila kimoja kilistahili dakika sita na nusu hivi. Kama angeulizwa, angesema hesabu ndizo zinazomchelewesha. Saa inasema jambo jingine: hesabu mbili za kwanza alizifanya kwa haraka ya kutosha. Dakika zilipotelea kwenye sehemu (a), alikoandika karibu ukurasa mzima kwa alama nne, na kwenye kipengele cha mwisho, alikosita muda mrefu asijue atumie volteji ipi. Tuikumbuke hiyo ya mwisho, kwani tutarudi kwayo.

Kusahihisha kama mtu asiyekujua

Karatasi nyingi zinazozunguka mitaani hazina mwongozo wa kusahihisha, na majibu yanayouzwa pamoja nazo mara nyingine yana makosa. Hilo lisikuzuie. Alama zilizochapishwa pembeni mwa kila kipengele zinakueleza idadi ya hatua anazotafuta msahihishaji. Katika hesabu, kadiria alama moja kwa hatua moja inayoonekana. Andika mwongozo wako kabla ya kuangalia tena ulichoandika, kwa sababu ukishaangalia utaupinda ufuate jibu lako.

Kwa (c)(i) mwongozo wetu utakuwa na alama moja ya nguvu inayoingia kwenye mota, moja ya kanuni sahihi, moja ya kuweka namba mahali pake, na moja ya jibu lenye kizio. Mota inatoa 54 kW kwa ufanisi wa 0.9, kwa hiyo inachukua 54 ÷ 0.9 = 60 kW. Kutoka hapo:

I = 60000 ÷ (√3 × 400 × 0.8) = 108.3 A

Kwa (ii), tanjenti ya pembe ya kwanza ni 0.75 na ya pili ni 0.3287. Tofauti yake ikizidishwa kwa 60 inatoa 25.28 kVAr. Kwa (iii), kila kapasita inabeba theluthi moja ya hizo, yaani 8.43 kVAr, na kwa kuwa zimefungwa kwa delta kila moja inapokea volteji nzima ya 400 V:

C = 8427 ÷ (2π × 50 × 400²) = 167.6 µF

Mwanafunzi wetu ameandika nini? Katika (i) alichukua 54 kW moja kwa moja, akapata 97.4 A. Katika (ii) akaendelea na 54 ileile, akapata 22.75 kVAr. Katika (iii) akagawa kwa tatu vizuri, ila akatumia volteji ya 231 badala ya 400, akaishia na 452.6 bila kuandika kizio chochote.

Alipojisahihisha mara ya kwanza alijipa 18 kati ya 20. Hoja yake ilikuwa kwamba njia anaijua, ni namba tu zilizoteleza. Hoja hiyo ndiyo inayowaangusha watahiniwa wengi, maana msahihishaji haoni unachokijua. Anaona kilichoandikwa.

Tusahihishe upya kwa kanuni mbili. Ya kwanza: alama hutolewa kwa kilicho kwenye karatasi tu. Ya pili: kosa moja hulipiwa mara moja, na hatua zinazofuata hupewa alama zake kama zimefuata sawasawa kutoka kwenye namba ile mbaya. Kanuni ya pili ni ya haki na wasahihishaji wengi huifuata. Msahihishaji anayejikomoa kwa kujinyima alama zote baada ya kosa la kwanza naye anajidanganya, kwani atakwenda kusoma upya mada ambayo tayari anaiweza.

Sehemu (a): aliandika kwamba nyaya hupata joto kwa sababu mkondo unakuwa mkubwa, hizo ni alama mbili. Akaandika kwamba bili hupanda, bila kusema kwa nini. Alama moja. Sababu ilikuwa ipo: wateja wakubwa wa TANESCO na Kenya Power hutozwa pia kwa kiwango cha juu cha kVA walichofikia, na mota hii inayohitaji 75 kVA kwa pawa fakta ya 0.8 ingehitaji 63 tu kwa 0.95. Ukurasa mzima wa maelezo ulikosa sentensi hiyo moja. Jumla 3. Sehemu (b): vekta za mikondo zipo, lakini pembe mbili hazikuandikwa na mkondo wa kapasita haukuonyeshwa ukiitangulia volteji kwa nyuzi 90. Jumla 2. Sehemu (c)(i) anapoteza alama ya nguvu inayoingia, anabaki na 3. (ii) anapata 4 zote kwa kanuni ya kosa kulipiwa mara moja. (iii) anapoteza alama ya volteji na ya kizio, anabaki na 2.

Jumla ni 14. Na kwa kuwa kipengele cha mwisho kimeandikwa chote kwa kalamu nyeusi, baada ya mstari, alama alizopata ndani ya muda ni 12. Andika zote tatu: 18, 14, 12. Pengo la kwanza ni ukubwa wa kujihurumia kwako, na la pili ni gharama ya kuchelewa. Baada ya karatasi kadhaa, pengo la kwanza likiwa linasinyaa, ujue umeanza kusahihisha vizuri, hata kama alama zenyewe bado hazijapanda.

Anayepata shida kujitenga na kazi yake na abadilishane karatasi na mwenzake, kila mmoja asahihishe ya mwenziwe kwa mwongozo walioukubali pamoja. Na pasipo mwongozo wowote, umeme una namna ya kukagua jibu kwa kurudi nyuma. Mtu akitumia volteji ya 231 katika swali hili, hata akiwa amekumbuka ufanisi, anapata kapasita ya µF 503. Azirudishe kapasita tatu za ukubwa huo kwenye delta ya 400 V aone zinatoa kVAr ngapi: karibu 76. Mota yenyewe ilikuwa inahitaji 45 tu. Kapasita hizo zingevuka lengo na kuifanya pawa fakta itangulie badala ya kuchelewa. Jibu limejihukumu lenyewe, bila daftari la majibu.

Daftari la makosa: andika sababu, si mada tu

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi. Kila alama iliyopotea inaingia kwenye daftari lenye safu tano: tarehe, karatasi na namba ya swali, mada, alama zilizopotea, na sababu. Safu ya sababu ndiyo roho ya daftari. Usiandike "uzembe", kwa sababu neno hilo haliwezi kufundishwa wala kurekebishwa. Andika kilichotokea hasa: "nimetumia volteji ya fezi kwenye delta", "nimechukua nguvu ya shafti kuwa nguvu inayoingia", "sikuandika kizio", "pembe hazina majina".

Utaona faida yake ukifanya karatasi ya pili na ya tatu. Tuseme mwanafunzi yuleyule anakutana na swali la transfoma ya 11 kV kwa 400 V, iliyofungwa delta upande wa volteji kubwa na nyota upande wa volteji ndogo. Anaulizwa uwiano wa mizunguko ya koili. Anagawa 11000 kwa 400, anapata 27.5. Lakini koili ya upande wa nyota haina 400 V. Ina 400 ÷ √3, yaani 231 V, na uwiano sahihi ni kama 47.6. Anapoteza alama 3.

Karatasi ya tatu inaleta mota inayowashwa kwa nyota-delta. Ikiwashwa moja kwa moja inavuta 300 A kutoka kwenye laini. Itavuta ngapi ikiwashwa kwa nyota? Anagawa kwa √3 na kuandika 173 A. Jibu ni 100 A. Katika nyota kila koili inapata volteji iliyopungua kwa √3, kwa hiyo mkondo wa koili nao unapungua kwa √3. Zaidi ya hapo, katika delta mkondo wa laini ulikuwa √3 mara ya ule wa koili, na katika nyota mikondo hiyo miwili ni sawa. √3 mbili zikikutana zinatoa tatu. Anapoteza alama 4.

Ukiangalia safu ya mada, mwanafunzi huyu ana udhaifu mdogo mdogo katika mada tatu: pawa fakta, transfoma na uwashaji wa mota. Angeanza kusoma sura tatu nzima. Ukiangalia safu ya sababu, ana udhaifu mmoja: hajashika vizuri ni volteji ipi na mkondo upi uko kwenye koili, na upi uko kwenye laini. Kosa hilo moja limemla alama 8 katika karatasi tatu, kisha likamlia dakika alizosita katika kipengele kile cha mwisho. Mada dhaifu ya mwanafunzi wa umeme mara nyingi haiandikwi kwenye mtaala kwa jina lake. Imejificha chini ya mada nyingine, na hujitokeza tu makosa yakipangwa kwa sababu.

Kwa hiyo kila baada ya karatasi tatu hivi, kaa na daftari ujumlishe alama zilizopotea kwa kila sababu. Jumlisha alama, si idadi ya makosa, kwani kizio kilichosahaulika mara nne kinaweza kuwa kimekugharimu pungufu ya mchoro mmoja uliokosewa. Sababu iliyo juu ya orodha ndiyo kazi ya wiki hiyo.

Kutibu, kisha kupima upya

Baada ya kuiona sababu, kishawishi ni kuchukua karatasi nyingine. Usifanye hivyo kwanza. Karatasi hupima, na mtu hapimwi tena kabla hajanywa dawa. Kwa mwanafunzi wetu dawa ni kuchora muungano wa nyota na wa delta, koili tatu kila mmoja, na kuandika juu ya kila waya na kila koili volteji na mkondo wake. Atajionea mwenyewe kwamba katika nyota volteji ya laini ni √3 mara ya ile ya koili na mikondo ni sawa, na katika delta volteji ni sawa na mkondo wa laini ni √3 mara ya ule wa koili. Kisha afanye maswali mafupi ya jambo hilo tu, ya dakika tano tano, akianza kila moja kwa kuandika mstari mmoja: "koili ina volti ngapi?"

Wiki moja baadaye alirudie swali lile la mota bila kuangalia kazi ya zamani, na siku nyingine alichukue swali la transfoma kutoka mwaka ambao hajaugusa. Kosa lifutwe kwenye daftari likiwa halijatokea katika maswali mawili ya sura tofauti, yaliyofanywa kwa saa, siku tofauti. Kulipatia swali lilelile uliloliona juzi hakuthibitishi kitu, maana huenda umelikumbuka jibu.

Kwa sababu hiyo karatasi zisitumiwe zote mapema. Za zamani zitumike kwa swali moja moja, hata zikichanganywa kwa mada. Zile mbili za karibuni zaidi ziachwe bila kuguswa hadi wiki za mwisho, zifanywe nzima kwa saa tatu mfululizo, pamoja na zoezi la kuchagua maswali matano kati ya manane. Kuchagua nako hupoteza alama: anayeanza na swali lenye sehemu (a) rahisi hugundua katikati kwamba sehemu (c), yenye alama 12, haiwezi.

Yapo pia mambo ambayo karatasi ya zamani haiwezi kukupa. Karatasi nyingi za zamani zinatumia 415 V na rangi nyekundu, njano na buluu kwa fezi tatu, na siku hizi utakutana na 400 V na rangi ya kahawia, nyeusi na kijivu. Katika hesabu tumia namba ulizopewa kwenye swali. Katika maswali ya ufungaji nyaya, jibu kwa kanuni zinazotumika sasa, na mada iliyoondolewa kwenye mtaala wako usiipotezee muda. Tena, kutafuta ni swali gani "limefika zamu yake" kutoka miaka iliyopita ni kamari. Watunga mitihani hubadilisha sura ya swali kwa urahisi: leo wanauliza kapasita za delta, mwaka ujao za nyota, na mwaka unaofuata wanakupa kapasita na kukutaka utafute pawa fakta mpya.

Aliyekariri jibu la µF 167.6 atakwama mbele ya mabadiliko hayo. Aliyeandika daftarini kwamba alitumia volteji ya fezi kwenye delta, akalitibu kosa hilo na kulipima tena katika transfoma na katika mota, atayajibu yote matatu, kwa kuwa yote matatu yanauliza jambo moja ambalo sasa analijua.